Nusu ya Pili ya Kebo

Kabaso Nsofwa alikuwa msimamizi wa winchi ya mkono kwenye mgodi wetu wa shaba kwa miaka ishirini na sita, na katika muda huo wote hakuangusha kitu shimoni isipokuwa kofia yake mara moja, tena ilikuwa kofia mbaya. Jumapili aliimba besi kanisani. Siku nyingine alituimbia sisi wanne tuliozungusha mpini, na hakuna aliyemwomba.

Mlangoni mwa kibanda chake ilining'inia springi nene ya breki iliyokufa. Kila mgeni wa kikosi aliivuta mpaka alama ya kwanza ya chaki, shubiri moja na nusu, kisha mpaka ya pili, shubiri tatu. Wengi walifika ya kwanza wakicheka. Ya pili waliifikia wakiwa wamenyamaza.

Mwaka huo tulitumwa kutoa kebo ya umeme kwenye shimo lililofungwa. Mita mia tatu zilining'inia wima, kila mita kilo nane. Umeme pale ulishakatwa, kwa hiyo makao makuu, kwa huruma yao, wakatupa mikono yetu wenyewe. Kabaso akaahidi: tukianza saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana kebo yote iko juu.

Wakamtuma pia Bwana Jere, mkaguzi wa muda wa kazi. Alikuwa na saa ya kupimia, kiti cha kukunja na cheti cha usimamizi ambacho nadhani alilala nacho. Jere ni Mngoni na sisi Wabemba, makabila ya watani: sisi tunawaita wala panya, wao wanatuita wala nyani. Kwa hiyo utani ulianza kabla ya salamu.

"Mtani, umekuja kutega panya?" Kabaso akamuuliza. "Hapa wameisha, walisikia unakuja."

"Nimekuja kuona kama wala nyani wanajua kufanya kazi."

Tukaanza. Mita ya kwanza tuliinua kebo nzima, kilo elfu mbili na mia nne, na mpini ukatutazama kama mkwe asiyetaka wageni. Tulizungusha kwa gia nzito, tukipumzika kila baada ya mita chache. Jere aliandika kila pumziko.

Saa sita kamili mita mia na hamsini zilikuwa juu. Jere akasimama, akakunja kiti.

"Nusu ya kebo, muda wa saa sita," alisema. "Nusu nyingine, saa sita tena. Mtamaliza saa kumi na mbili jioni. Mzee Kabaso, mmekuwa mkicheza."

"Nusu ya urefu siyo nusu ya kazi, bwana."

"Nusu ni nusu! Hata darasa la pili wanajua." Akatoa barua aliyokwisha kuiandika, akaiweka juu ya winchi. "Saa nane ikipita kebo haijatoka, kesho usije. Miaka ishirini na sita inatosha."

Utani ukaisha hapo. Niliona vidole vya mzee vikitafuta kitu cha kushika. Nilitamani kumpiga yule mtu kwa kiti chake.

Kabaso akamwita kwenye springi. "Vuta mpaka alama ya kwanza."

Jere akavuta kwa mkono mmoja, akatabasamu.

"Sasa ya pili."

Alivuta mpaka tai ikahamia begani. Alipofika alikuwa anahema.

"Urefu ni uleule," Kabaso akasema taratibu. "Lakini springi inakuwa nzito kadiri unavyoivuta, kwa hiyo kipande cha pili kimekula kazi mara tatu ya cha kwanza. Kebo ni kinyume chake. Tulianza na mzigo wote, na kila mita inayotoka haivutwi tena. Robo tatu ya kazi tumeshaimaliza, bwana mukwai. Imebaki robo."

"Springi na kebo wapi na wapi," Jere akajibu, akirekebisha tai.

Tukarudi kwenye mpini. Sasa zilining'inia kilo elfu moja na mia mbili tu, na zilipungua kila tulipozungusha. Tukahamia gia nyepesi. Mapumziko yakasahaulika. Kabaso akaimba, na kwa mara ya kwanza tukaitikia. Saa nane kasoro dakika kumi ncha ya kebo ilitokeza, ikidondosha tope. Mzee akakaa chini, akafuta macho kwa kofia. Jere akarudisha barua mfukoni.

Wiki iliyofuata taarifa ya Jere ilibandikwa ubaoni. Ilisema kwamba baada ya onyo lililotolewa saa sita, kikosi kiliongeza kasi mara tatu, jambo linaloonyesha faida ya usimamizi. Kabaso abaki kazini. Na kwa kuwa imethibitika nusu ya pili huenda haraka zaidi, kuanzia sasa kebo zote zianzwe na nusu ya pili.

Kabaso aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kuipaka mafuta winchi.