Penalti Niliyoitoa kwa Hasira

Nikikumbuka mechi ile bado damu inanichemka, na sijui tena hasira zangu niziweke kwa nani.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya kutwa upande wa Msambweni. Uwanja wetu wa netiboli ni mchanga mtupu, mistari twaichora kwa jivu la jikoni, na kila baada ya dakika kumi mistari imefutika. Kwa hiyo ugomvi hauishi. Mpira umetoka, haujatoka. Umemgusa, haujamgusa. Nilipoanza kazi nilikuwa naamua mwenyewe kwa sauti kubwa, na kila nikiamua nusu ya darasa inanuna. Nikachoka, nikabadilisha njia.

Njia yenyewe ni hii. Ubishi ukitokea, mpira unawekwa chini na hakuna anayeugusa. Wanaobishana wawili wanasogea mbele, wengine kimya. Kila mmoja anaeleza kwanza vile mwenziwe alivyoona, na mwenziwe lazima akubali kwamba ameelezwa sawasawa, ndipo aseme lake. Wakishindwa kuelewana, narusha mpira kati yao na mchezo unaendelea. Anayekiri kwamba alikosa, mpira anapewa mpinzani na ni marufuku kumcheka. Anayebainika amedanganya anatoka, anakaa kando na filimbi mkononi, kazi yake kutazama miguu ya wenzake mpaka kipindi kiishe. Simchapi wala simtukani. Namwacha aone jinsi ilivyo taabu kumwamulia mtu anayekataa alichokifanya.

Nahodha wangu alianzia hapo kando. Alikuwa gredi ya saba, mrefu, baba yake mvuvi, na alikuwa mwongo wa kuapa. Mpira umemgonga bega, sote tumesikia kishindo, yeye anaapa Wallahi haujamgusa. Nilimkalisha mara nne katika muhula mmoja. Mara ya tano mpira ulitoka, mimi mwenyewe sikuona, na kabla sijauliza akainua mkono: "Nimegusa mimi, mwalimu." Wiki ile ile nikampa unahodha. Wapo waliokuwa wafungaji hodari kuliko yeye, nao walinung'unika. Niliwaambia nahodha wa timu yangu ni mtu ambaye hata mpinzani anaweza kumwuliza akapata jibu la kweli. Nilijisikia mwalimu kwelikweli siku ile.

Basi tukaalikwa mechi ya kirafiki na shule moja ya kulipia huko Diani. Uwanja wa saruji, mistari ya rangi, nyavu mpya. Katika mechi kama hizi kila shule hutoa mwamuzi mmoja, na kila mwamuzi husimamia nusu yake ya uwanja mwanzo hadi mwisho, timu ndizo zinazobadilishana pande. Mwenzangu alikuwa mwalimu kijana aliyetoka bara, kaptula imepigwa pasi, kofia nyuma mbele. Kipindi cha kwanza tulikuwa tunashambulia upande wake.

Alitumaliza. Msichana wangu akishika mpira, filimbi: amekokota mguu. Mwingine akitafuta wa kumpasia, filimbi: amepitisha sekunde tatu. Mimi nahesabu kichwani, sijafika hata mbili. Walinzi wao wanawasukuma wangu kwa viwiko mbele ya macho yake, naye anafunga kamba za viatu. Nikamwendea wakati wa mapumziko nikamwambia, kwa heshima zote nilizobakiwa nazo, kwamba waamuzi tupo wawili na watoto wanaona.

"Madam, mimi napiga vile naona," akanijibu, na akanywa maji.

Ukweli ni kwamba baadhi ya filimbi zake zilikuwa sahihi. Wasichana wangu wamezoea mchanga, ambapo mguu ukitua unazama na kubaki. Kwenye saruji walikuwa wanateleza. Nalijua hilo sasa. Wakati ule nilikuwa nimejaa mpaka kooni, sikutaka kujua lolote.

Kipindi cha pili tukabadilishana pande, na mashambulizi yetu yakaja kwangu. Sitajitetea. Nilipuliza nilichokiona, halafu nikaanza kupuliza nilichokitaka. Tukakomboa bao moja moja hadi tukawa sare, kumi na nne kwa kumi na nne, dakika chache zimebaki. Nahodha wangu akapokea mpira ndani ya duara la kufungia. Mlinzi wao akasimama mbele yake, mikono juu, futi tatu kamili kutoka mguuni, kama kanuni inavyotaka. Hakukuwa na kosa. Nikapuliza.

"Penalti! Umemzuia karibu mno."

Yule mlinzi akanitazama, mdomo wazi. Alikuwa mtoto tu, macho yakamjaa machozi, lakini akatii, akasimama kando ya mfungaji, maana aliyepigiwa penalti haruhusiwi kucheza mpaka mpira uondoke mkononi mwa mfungaji. Nahodha wangu akabaki peke yake na goli. Akautazama mpira. Akanitazama mimi. Kisha akaurusha polepole, juu ya goli, nje ya mstari wa nyuma, mahali ambapo hata kipofu asingesema alikuwa analenga. Mpira ukawa wa wapinzani.

Niliona kiza. Niliwaza: wewe, niliyekutoa kwenye uongo, unaniaibisha mbele ya huyu mwenye kofia? Nilitaka kumtoa uwanjani pale pale. Lakini kanuni hairuhusu kumbadilisha mchezaji mchezo ukiendelea, ila akiwa ameumia. Nikasimamisha saa.

"Nahodha wangu ameumia mguu," nikasema kwa sauti. "Naingiza mwingine."

Mwalimu kijana akaja mbio na chupa ya dawa ya kupulizia, na hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza kama mtu: alipiga goti kwenye saruji mbele ya mtoto asiye wake, akamwuliza taratibu, "Pole, mrembo. Umeumia mguu gani?"

Hakuwa ameumia popote. Alijua, nami nilijua. Kulikuwa na jibu moja tu la kweli, na lingenivua nguo mbele ya shule mbili. Miaka miwili nilikuwa nimemfundisha kutoa jibu la namna hiyo bila kuogopa uso wa mtu. Nilisimama pale, hasira zimeanza kunitoka, nikaomba moyoni aseme. Au nataka kuamini niliomba hivyo.

Akainamisha kichwa kama anavyofanya anaponiamkia asubuhi.

"Wa kulia, mwalimu," akasema.

Yule kijana akampulizia dawa kwenye kifundo kizima kabisa. Msichana akashukuru, akainuka, akaelekea kwenye benchi huku akichechemea, mguu wa kulia, hatua kwa hatua, bila kunitazama. Tulishinda kwa bao moja. Wenzake wakaimba njia nzima hadi Msambweni, na kila waliposimama kucheza ngoma garini yeye aliwaambia mguu unamwuma. Tuliposhuka bado alikuwa anachechemea. Nikamwita kando, nikamwambia sasa anaweza kuacha, hakuna anayetazama.

"Wenzangu watajua ulidanganya, mwalimu," akaniambia, akaenda zake nyumbani akichechemea vile vile.