Msumari wa Tatu

Mume wangu alifariki akiwa wa tatu kwenye ngazi ya drafti, pale sokoni Mugumu. Ngazi yenyewe ni ubao wenye misumari, kila mchezaji ana kibao chake chenye jina. Unamwita aliye msumari mmoja juu yako tu. Ukimpiga, mnabadilishana misumari. Ukiitwa usitokee ndani ya wiki, umepigwa.

Matanga hayajaanuliwa, rafiki yake fundi baiskeli, aliyekuwa wa nne, akakitoa kibao cha marehemu na kupanda. Kweli mtu akiondoka wa chini hupanda. Lakini si kwa mkono wake, wala si siku ile, tena akicheka: "Wafu hawachezi."

Nilisikia. Sikulia.

Nikamwendea mwenyekiti wa mchezo. Nikamwambia nataka msumari wa mume wangu.

"Mama, ngazi hairithiwi. Mgeni anaanza chini kabisa."

"Basi nitundike chini."

Wakacheka. Hawakujua marehemu alikuwa akicheza na nani kila jioni nyumbani. Nikapanda mmoja mmoja. Muuza dagaa alinipiga, nikangoja nikamrudia, nikampita. Mama wa chai nilimpita pia, naye hakununa. Nikafika wa nne, nikamwita fundi.

Mara ana homa, mara ana tairi za watu. Wiki ikakaribia kuisha, akaja.

"Shemeji, hapa si kupepeta ulezi."

"Panga visoda."

Kete zetu ni hivyo vifuniko vya soda. Nilimwachia kisoda kimoja. Akakiona, akasita.

"Kula, mura," nikamwambia, kama naongea na kijana. "Kula ni lazima."

Akala. Mimi nikala vitatu na kuingia kingi, mstari wake wa mwisho. Watu wakapiga kelele mpaka wauza nyanya wakasimama. Nikakitoa kibao chake kwa mkono wangu kwenye msumari wa tatu, polepole, anione.

"Turudie sasa hivi!" akasema.

Mwenyekiti akakataa. Aliyepigwa hamrudii aliyempiga mpaka wiki mbili zipite. Ila wa chini yake anaweza kumwita wakati wowote.

Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Mama wa chai alikuwa wa tano. Jioni zile nilikaa naye nyuma ya jiko lake nikamwonyesha fundi anavyocheza: hukimbilia pembeni, huacha mgongo wazi. Akamwita, akampiga mbele ya wateja wake. Fundi akashuka wa tano, na mimi sikuwa tena juu yake moja kwa moja.

Amemwita yule mama mara mbili, mara zote kapigwa. Wiki iliyopita akaja kwenye kibanda changu cha nafaka, kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji." Hajawahi kuniamkia hivyo. "Tucheze moja tu, ya kirafiki."

"Marahaba. Ya kirafiki ulicheza na mume wangu," nikamwambia. "Mimi utanipata kwenye ngazi. Mpige kwanza mama wa chai."

Nikaendelea kupima mtama.