Pointi Moja ya Nitrojeni

Nilikuwa mwalimu msaidizi wa kemia chuo kikuu, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko mshahara. Swali la mtihani nililitunga mwenyewe: kokotoeni chaji halisi inayoivuta elektroni ya nje katika nitrojeni na oksijeni, kisha mseme ipi ni ngumu zaidi kung'olewa elektroni moja.

Hesabu yake si ngumu. Kila elektroni ya tabaka la nje inamkinga mwenzake na mvuto wa kiini kwa 0.35, kila moja ya tabaka la ndani kwa 0.85. Nitrojeni ina chaji saba kwenye kiini, toa 3.10, inabaki 3.90. Oksijeni ina nane, toa 3.45, inabaki 4.55. Mvuto unaongezeka kadiri unavyosogea kulia, na elektroni inazidi kuwa ngumu kung'oka. Kwenye barème yangu, karatasi ya kusahihishia, niliandika: oksijeni.

Msichana mmoja wa Gatumba, ambaye mafuriko yaliwahi kuihamisha familia yake, alipata hesabu zote mbili sawasawa. Kisha akaandika: nitrojeni. Nikamkata pointi moja. Kwa pointi hiyo alianguka mtihani, na bourse, fedha zake za masomo, ikakatika.

Alikuja ofisini na karatasi yake.

"Monsieur, mi niliona mu tableau, ile jedwali ya kitabu. Oksijeni inatoa elektroni mbio kuliko nitrojeni."

"Mademoiselle, mvuto wa oksijeni ni mkubwa. Umeukokotoa mwenyewe."

"Ndiyo, lakini…"

"Hapa tunafuata barème," nilisema kwa sauti, wenzangu wakageuka kumtazama. Akakunja karatasi akatoka. Sikufungua kitabu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini sikukifungua.

Mwaka uliofuata nilikuwa ubaoni nikichora nishati za kung'oa elektroni moja, kutoka lithiamu hadi neoni. Mstari ulipanda, ukateleza kidogo kwenye boroni, ukapanda tena, na kwenye oksijeni ukashuka chini ya nitrojeni. Chaki ilisimama mkononi. Jambo hilo nilifundishwa zamani: katika nitrojeni elektroni tatu za tabaka dogo la p kila moja ina chumba chake, ya nne, ya oksijeni, inalala na mwenzake, zinasukumana, moja inatoka kirahisi. Hesabu yetu ya 0.35 haijui nani analala na nani. Darasa lilidhani naumwa.

Jumamosi nikaenda Gatumba. Nilimkuta karibu na mpaka, anauza sabuni na mafuta ya mawese, mtoto mgongoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikaomba msamaha, nikasema nitaandika barua kwa mkuu wa kitivo.

Alinisikiliza huku akimfunga vizuri mtoto.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa."

"Mi nilirudi nyumbani nikachoma cahiers zote, kila daftari," alisema taratibu. "Nilifikiri kitabu ndiyo kilinidanganya. We ulikuwa mwalimu, monsieur. Nilikuamini."

Mteja akauliza bei ya sabuni, naye msichana akamgeukia.