Exponentielle na Ile C

Mimi na kutulia hatujawahi kupatana. Hata nikifundisha, natembea kutoka dirisha hadi mlango, na wanafunzi wangu wamezoea kugeuza shingo. Basi msomaji anivumilie, kwa sababu nataka kufafanua utani mmoja wa hesabu, na utani ukishafafanuliwa huwa umekufa. Huu ulikufa mikononi mwangu, na karibu ufe na kazi yangu.

Utani wenyewe ni huu. Fonctions zote za hesabu zimealikwa kwenye karamu. Zinacheza, zinakunywa, zinashikana mikono. Exponentielle peke yake amejikunyata kwenye kona. Mwenye karamu anamhurumia, anamwendea na kumwambia kwa Kifaransa ajiunge na wenzake: «Intègre-toi!» Exponentielle anamjibu: «Bure tu. Hata nikijaribu, haibadilishi kitu.»

Kama hukucheka, usijilaumu. Préfet wetu, mkuu wa shule, pia hakucheka, na yeye ndiye alikuwa na kalamu ya kusaini.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kwetu Shabunda kuja kufundisha hesabu katika lycée moja ya wasichana hapa Bukavu. Nilipewa darasa kwa majaribio hadi Pasaka. Baada ya hapo préfet angesema nibaki au nirudi nilikotoka, na nilikotoka hakukuwa na shule yenye kulipa mwalimu wa hesabu. Niliitaka kazi hiyo hadi usingizi ukanikimbia.

Darasani sikuwa na shida. Shida yangu ilikuwa chumba cha walimu. Mimi ni Mlega, wao karibu wote ni Bashi, na saa ya mapumziko Kimashi chao kilitiririka pale mezani na mimi nimeshika kikombe cha chai kama mgeni wa msiba. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa nyumbani kwao, basi. Lakini mimi nina moyo mwepesi kukasirika, na kila walipocheka nilihisi wananicheka mimi. Nikaanza kuchukua kikombe changu na kwenda kunywea uani, nikizunguka mti wa avoka mpaka kengele ilie.

Siku moja mvua ilinizuia ndani. Nikasimama karibu na dirisha. Préfet akaingia, mzee mrefu wa Nyantende aliyefundisha Kilatini miaka mingi kabla ya kupewa ofisi. Aliniangalia, akaangalia meza, akasema mbele ya wote:

«Madame, unakaaka pekee yako kila siku. Intègre-toi, madame.»

Alisema neno lile lile, neno kwa neno. Mtu mwenye akili angejibu «ndiyo, Préfet» na kuvuta kiti. Mimi ulimi wangu ulishatangulia:

«Préfet, miye niko exponentielle. Hata nikijaribu, haibadilishe kitu.»

Mwalimu wa kemia ndiye peke yake aliyeelewa. Alikuwa na karanga mdomoni, na alicheka mpaka zikamtoka puani. Wengine wote walitazama vikombe vyao. Préfet alimtazama mkemia, akanitazama mimi, akatoka.

Mkemia alipomaliza kukohoa akaniambia polepole: «Prof, umejiua. Ye hakusikia mambo ya hesabu. Amesikia kama unakataa kuikala na siye.»

Nilijua anasema kweli. Mchana kutwa sikuweza kukaa. Nilifuta ubao usio na kitu. Niliwagombeza watoto wa watu kwa ajili ya rula. Nilikuwa na hasira na préfet kwa kutojua hesabu, na mkemia kwa karanga zake, na zaidi ya wote mimi mwenyewe.

Saa ya kutoka, préfet alinikuta mlangoni pa darasa la sita, nikiwa tayari na mkoba begani. Nilidhani amebeba barua ya kunifukuza. Alikuwa amebeba chaki. Akaingia, akajikunja katika dawati la wanafunzi, magoti yakagusa ubao wa kuandikia.

«Niko na masikio ya kusikia,» akasema. «Unionyeshe fasi gani mutu anapashwa kucheka. Nikiona, tutaongea mambo ya Pasaka. Nikikosa kuona, tutaongea vilevile.»

Sasa, wewe mwambie mtu wa Kilatini utani wa hesabu huku kazi yako ikining'inia kwenye utani huo. Nilianza vibaya. Niliandika alama, nikaziona zikigonga uso wake na kuanguka. Nikafuta kila kitu kwa mkono. Nikamuuliza: «Préfet, unapandaka kilima ya Kadutu na miguu?»

«Tangu niko mutoto.»

«Bon. Kila hatua iko na vitu viwili. Cha kwanza, umefika wapi juu. Cha pili, njia inapanda namna gani pale unakanyaga: inapanda kidogo, ao inapanda mpaka unashika magoti.»

Alikubali. Nikamwambia kwamba fonction ni kile cha kwanza, urefu wa mahali ulipo. Kutoka urefu kwenda kwenye ukali wa mlima, sisi tunasema ku-dériver. Kila njia ukii-dériver unapata kitu tofauti na ulichoanza nacho. Njia ya tambarare inakupa sifuri, maana haipandi. Njia inayopanda sawasawa kama ngazi inakupa namba moja isiyobadilika. Lakini kuna njia moja ya ajabu: kila unapokanyaga, ukali wake ni sawa kabisa na urefu wake. Ukiwa chini, inapanda kidogo. Ukiwa juu, inapanda sana. Ukipima urefu na ukipima ukali, namba ni ile ile, popote.

«Huyo njo exponentielle,» akasema.

«Huyo njo ye.»

Nikaona jicho lake limeamka, nikaanza kutembea tena. Ku-intégrer, nikamwambia, ni kurudi kinyumenyume. Mtu anakupa ukali wa njia kila mahali, wewe unatafuta urefu. Kwa njia nyingine, unapoteza jasho na unatoka na kitu kingine kabisa. Kwa exponentielle, wanakupa exponentielle na unarudisha exponentielle. Na Kifaransa chetu kina neno moja kwa mambo mawili: s'intégrer ni kuingia katikati ya watu, na intégrer ni hesabu hiyo. Mwenye karamu anamwambia aingie kwa watu. Yeye anasikia hesabu. Anajibu ukweli wa hesabu: ukini-intégrer nabaki vilevile.

Nikaandika ubaoni, haraka, kwa mkono uliozoea: intégrale ya exponentielle, alama ya sawasawa, exponentielle. Na mkono ule ule, bila kuniuliza, ukaongeza mwishoni: + C.

Préfet hakucheka. Alinyoosha kidole kirefu.

«Na hiyo C?»

Nikaacha kutembea, jambo ambalo ni adimu. Ile C! Mimi ambaye nilimnyang'anya pointi kila msichana aliyeisahau. Mimi niliyewapigia kelele kwamba intégrale bila C ni nusu ya jibu. Nilikuwa nimesimulia utani wangu mbele ya walimu wote, na kuhatarisha mkate wangu, bila C.

«Hiyo ni namba haijulikane,» nikasema. «Nikikupa ukali wa njia tu, sikukuambia njia inaanzia wapi. Ingine inaweza kuanzia pembeni ya maji ya lac, ingine ikaanzia juu ya kilima. Zote mbili zinapanda sawasawa, hatua kwa hatua. Lakini moja iko juu ya mwenzake, na ile nafasi katikati yao haibadilike mpaka mwisho. Ile nafasi njo C.»

«Kama ni vile, exponentielle akitoka, hatoke vile aliingia.»

«Anatoka na C.»

«Na ye mwenyewe anaionaka?»

«Hapana. Ukipima ukali wa njia, C haionekane. Inapotea. Ili uijue, inaomba mutu mwenye anajua fasi moja ile njia ilipitia.»

Préfet alibaki anaangalia ubao. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Dawati likalia. Akacheka kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi jikoni.

«Madame, ulinidanganya mbele ya batu yangu! Inabadilisha kitu!»

Nilicheka na mimi, nusu kwa furaha, nusu kwa aibu. Akajichomoa kwenye dawati, akajipangusa chaki, na mlangoni akageuka: «Kesho ku rekreasyo unaikala ku meza. Hiyo haiko utani.»

Nilikaa. Yeye mwenyewe aliwasimulia walimu habari hiyo, vibaya, akisahau hatua mbili, na waliicheka kuliko nilivyowahi kuchekesha. Tangu siku hiyo mimi ni Madame Plus-C. «Plus-C, sogea huku.» «Plus-C, mumeo atatoka kwetu.» Walinifundisha salamu ya Kimashi kwanza, asinge, wakinirudisha kila nilipokosea sauti, kisha matusi madogo, kisha namna ya kukataa bei sokoni. Baada ya Pasaka préfet alisaini. Nilifurahi hadi nikatembea kwa miguu kutoka shuleni hadi Nyawera bila kujua naenda kufanya nini huko.

Mama yangu yuko kijijini, Shabunda. Hana simu. Akitaka kunisikia anapanda kilima wanapopata réseau na kuomba simu ya mpita njia, kwa hiyo ananipigia mara chache sana, na kila mara kwa namba nisiyoijua.

Alipiga mwaka uliofuata, jioni moja, nikitoka sokoni na mfuko wa majani ya sombe begani na mwalimu wa kemia pembeni yangu akinitania kwa jina langu jipya. Nilikuwa nacheka bado nilipoweka simu sikioni.

«Asinge,» nikasema.

Nilisikia upepo wa kile kilima. Halafu sauti ya mama, ile sauti ya heshima anayoitumia kwa watu asiowajua:

«Pardon, mama. Nilikuwa natafuta mutoto wangu.»

Na akakata.

Nilipiga namba ile, haikupokelewa. Nikapiga tena. Mwenye simu alikuwa ameshaendelea na safari yake. Mwalimu wa kemia akaniuliza ni nani, na mimi nisiyejua kukaa mahali pamoja nilisimama tu katikati ya njia, mpaka dereva mmoja akateremsha kioo na kuniuliza kwa Kimashi kama nimechoka kuishi. Nilimjibu kwa Kimashi, bila kukosea hata sauti moja.