Kanuni ya Baba

Baba yangu alijifunza Kiingereza peke yake, dukani kwake Unguja, akakishika kwa kanuni aliyojitungia mwenyewe: penye "na" yetu, Mwingereza hutia "am" mbele na "ing" nyuma. Nnakwenda, I am going. Nnaandika, I am writing. Kanuni ilimfaa miaka mingi, maana wateja wake walikuja kununua vitambaa, hawakuja kusikiliza sarufi.

Baada ya mapinduzi tulifika Maskati, tukapokewa Matrah, mji wa bandari jirani yake, nyumbani kwa mjomba wake mama. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tunaingia mwaka wa tatu. Hapana aliyetufukuza, ila mke wa mjomba alianza kupima mchele mbele yetu.

Ndipo ofisi moja ya Waingereza ikatafuta karani wa kutafsiri barua. Mshahara ule ungetupatia nyumba yetu wenyewe. Kila baada ya alasiri baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akanikalisha juu ya sanduku niwe Mzungu, nimuulize maswali. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesoma skuli ya wasichana Unguja, na Maskati wakati ule haikuwa na skuli ya msichana kama mimi.

"Do you know Arabic?" nikamuuliza.

"I am knowing Arabic, sir."

"Do you have a car?"

"I am having a car in Zanzibar."

Gari lenyewe lilikuwa limeshachukuliwa, lakini si hilo lililonishtua. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba "ing" ni ya kitendo kinachoendelea, chenye kuanza na kwisha. Kujua si kitendo, ni hali; kuwa na gari vilevile. Mtu husema I know, I have. Ukisema I am having lunch ni sawa, kwa kuwa hapo unakula.

Nikafungua mdomo. "Baba, skuli walituambia..."

"Skuli walikwambia nini? Nna gari, I am having a car. Kuna shaka hapo?"

Mama akaniita jikoni, akanishika mkono kwa nguvu. "Mwache baba yako. Kanyang'anywa duka, kanyang'anywa gari, nawe umnyang'anye na Kiingereza?"

Nikarudi kwenye sanduku nikamwambia, "Vizuri sana, baba." Ningependa kusema nilinyamaza kwa heshima. Kweli ni kwamba nilimwogopa pia, na kumsifu kulikuwa rahisi. Nilimsifu wiki mbili.

Siku ya mtihani alirudi kabla ya adhuhuri. Mwingereza alimwandikisha barua, akaisoma mbele ya makarani, akazungushia makosa kwa penseli nyekundu, kisha akamrudishia karatasi na kumshukuru kwa adabu. Makarani, alisema baba, walicheka chini chini. Alinipa ile karatasi nisome. I am knowing. I am having. I am wanting. Kosa lilikuwa moja tu, limerudiwa mara tisa.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alivua kanzu, akaikunja taratibu. "Kule nilichekwa na watu wasionijua," akasema. "Nilidhani humu ndani nna mtu."

Usiku ule nililia mpaka mama naye akalia. Kesho yake baba alikaa sakafuni mbele yangu akaniomba nimfundishe. Kanuni yake ya miaka yote aliivunja kwa siku nne, mtu mzima yule, na hakukosea tena. Lakini nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Akaajiriwa kwenye ghala la tajiri mmoja pale Matrah, kuandika hesabu ya magunia kwa Kiarabu, na sisi tukabaki kwa mjomba.

Kilichobadilika ni hiki: hakuniamini tena nilipomsifu. Nikimwambia kanzu imempendeza, huuliza, "Kweli, au waniogopa?" Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile liliniumiza kuliko kofi.

Kifua kilimlaza mwishoni mwa mwaka wa sitini na tisa. Alikonda hata pete ikawa inamvuka kidoleni. Asubuhi moja nilimpelekea uji nikamwambia, kama tusemavyo sote kwa wagonjwa, "Leo hujambo, baba. Uso umerudi rangi."



"Mwanangu, mimi nakufa," akasema. "Kama nimekosea, nisahihishe."

Nikaweka bakuli chini, nikamshika mkono. Safari hii sikumdanganya.

"Hukukosea, baba," nikamwambia.