Mwaka wa Kwanza wa Gari la Fundi

Fundi alikuja saibani kwetu, duka la intaneti pale Kawangware 46, akiwa na vumbi la mbao kichwani, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Siz, ni wewe unasoma Kijapani?"

Nikacheka. Nasoma, ndiyo, kwa simu, wateja wakipungua. Nilianza zamani kwa sababu natamani kwenda huko. Mdosi wangu husema nitafika nikiwa nyanya. Lakini kusoma sikuachi, na habari ilikuwa imefika hadi Makina, ambako fundi huyu hutengeneza vitanda.

Alikuwa na picha ya kadi ya usajili wa gari, yote Kijapani, ya van nyeupe iliyokuwa bado Japani. Wakala aliyemtafutia alimwambia ni ya 2021, na kesho yake fundi alikuwa amtumie deposit.

"App ya kutafsiri imesema 2021 pia," akaniambia. "Nataka tu kusikia kwa mdomo wa mtu."

Nikavuta picha ikawa kubwa. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara mbili, na mkunjo mmoja ulipita katikati ya maandishi. Nikaanza na yaliyo rahisi. Hii ni namba ya chesisi, nikamwambia, uiandike, kwa sababu lazima ifanane herufi kwa herufi na iliyopigwa kwenye bodi ya gari na kwenye karatasi zote za meli. Hapa ni ukubwa wa injini na hapa aina ya mafuta, ushuru utaangalia hizo. Hapa ni uzito inaoruhusiwa kubeba.

"Inabeba kitanda?"

"Inabeba hata na wewe juu yake."

"Si changu. Ni cha mathe."

Ndipo akanionyesha picha nyingine: kitanda cha mvule, kichwani kimechongwa maua, kimefunikwa shuka kwenye kona ya karakana. Alikimaliza zamani. Mama yake yuko ushago, magharibi, na bado analala kwenye kile cha kamba alichozalia watoto wote. Wenye malori wangekibeba, lakini fundi hataki kitupwe juu ya magunia ya watu. Anataka kukipeleka mwenyewe, aingie boma akipiga honi. Kava ya usukani alishanunua. Imening'inia karakana kwenye msumari.

"Na rangi? Imeandikwa ni nyeupe kweli?"

"Rangi hawaandiki hapa. Hiyo utaamini picha."

Nikarudi juu ya karatasi, kwenye tarehe. Wajapani huanza kuhesabu miaka upya mfalme mpya akikalia kiti, kwa hivyo tarehe husomwa na jina la enzi. Kisanduku cha kwanza: Reiwa, mwaka wa tatu. Hiyo kweli ni 2021. Nikafurahi. Halafu nikasoma kisanduku kinachofuata, nikakisoma tena: Heisei, enzi iliyotangulia, mwaka wa ishirini na tisa.

"Elfu mbili ishirini na tisa?" Fundi akaangua kicheko. "Kwani gari halijazaliwa?"

Nilitamani nicheke naye nirudishe simu. Machoni mwake alikuwa tayari barabarani, na mama yake mlangoni kule ushago.

"Fundi, kisanduku hiki cha kwanza ni siku gari lilipoandikishwa kwa huyu mwenyewe wa sasa. Hiki cha pili ndicho usajili wa kwanza kabisa. Heisei ishirini na tisa ni 2017. Kenya inahesabu kuanzia hapo, na gari likipita miaka minane haliingii. Hili limepita."

"Lakini app..."

"App imesoma sawa. Ni kisanduku tu si chenyewe."

Nje mama wa mahindi alikuwa anapepea jiko.

"Wakala alijua?"

"Sijui. Labda na yeye aliishia cha kwanza."

Akazima simu, akaiwasha tena. "Huyu mwenyewe wa gari anakaa wapi?"

Nikamsomea anwani: jina la mji, la mtaa, namba ya nyumba. Nilisoma polepole, nikijifanya maandishi ni magumu. Ningetoa chochote nisimame mtaa ule asubuhi moja, nione van nyeupe ikiwashwa injini! Mimi nataka kwenda kule, yeye anataka gari litoke kule, na hapo tulikuwa, wawili, tumeinamia kioo kidogo chenye ufa.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Deposit hakutuma. Siku hizi hunitumia picha za kadi za magari mengine kutoka Makina, hata salamu hakuna, "niaje" inakuja baadaye. Huanza kwa kuniuliza kisanduku cha pili. Juzi alituma picha ya kitanda tu, bila kadi. Alikuwa amebadilisha shuka, ile ya kwanza imejaa vumbi.