Tahira Anayesoma Vidonge

Kwa miaka minne nilimcheka Tahira, tena mbele za watu. Nilimwita Madamu Maandishi, na jina likamganda sokoni Rumonge hata watoto wa shule wakalijua. Leo nalitubu, kwa hiyo nitaeleza kwanza yeye ni nani, halafu nitasema nililolifanya mimi.

Tahira anauza katika duka dogo la dawa kwenye barabara inayoteremka ziwani. Ni mwembamba, mguu wake wa kushoto una kilema kidogo, na miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Ukimwambia, "Nipe zile nyekundu za kichwa," anakujibu kwamba nyekundu ni rangi, si dawa. Halafu analigeuza boksi, analisogeza puani, anasoma yale maandishi madogo ambayo sisi wengine tunadhani yamewekwa kwa ajili ya urembo. Ukitaka vidonge vinne tu hakati ovyo. Anachukua plaketi, ile karatasi ya fedha inayobeba vidonge, anakata upande usio na jina, na juu ya mfuko anakuandikia kila kilichomo. Foleni inasimama. Watu wanaguna. Mimi ndiye niliyeguna kuliko wote, maana nina mawese yangu ya kuuza na jua halinisubiri.

Alizaliwa Kabonga, mpakani na Tanzania. Vita ilipokuja, mama yake alimvusha mpaka Kigoma, akasomea huko, Kiingereza kikamwingia. Walipofukuzwa na umaskini kurudi nyumbani akasomea uuguzi kwa Kifaransa. Ndiyo maana anaweza kusoma boksi lolote linalofika hapa, na yanafika mengi. Sisi watu wa ufukoni tunameza dawa za nchi tatu kabla ya adhuhuri: ya Kigoma imeletwa na shangazi, ya Uvira imeletwa na binamu, ya Bujumbura imeshuka kwenye basi. Hakuna anayeuliza zinafanana vipi. Zimetoka sehemu mbalimbali, basi tunaziona ni dawa mbalimbali.

Sasa nije kwangu. Mimi ni Mariam, na mwanangu Bora alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa saba. Alikuja kukaa arobaini kwangu, kama inavyostahili. Nilimkanda kwa maji ya moto, nilimpikia uji, na wanawake walikuja kumtazama mzazi, kila mmoja na kifurushi chake. Siku ya saba kichwa kikaanza kumgonga. Alikuwa halali vizuri, alikuwa hanywi maji ya kutosha, nami sikupenda kumwona amekunja uso mbele ya wageni.

Nikaenda kwa Tahira.

"Amahoro, Mama Bora."

"Amahoro. Nipe dawa ya kichwa, ile yenye nguvu."

"Ni ya nani?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani kuna mwenye kunyonyesha?" Alikwisha sikia habari za mjukuu. "Kama ni Bora, mulete tumupime presha. Kichwa cha mzazi hakichezewi. Nitamupa paracétamol ya peke yake, isiyochanganywa na kitu."

Mimi sipendi kuhojiwa. Nilimwambia mbele ya watu sita kwamba nimezaa watoto watano kabla yeye hajajua kuvaa miwani. Wakacheka. Nikatoka nimefurahi, nikateremka mpaka kwenye maegesho ya mabasi, kwa Amisi anayetembeza dawa ndani ya beseni. Amisi haulizi. Alinipa plaketi mbili. Akasema hii ndiyo yenyewe, mtu akimeza kichwa kinakaa kimya.

Njiani nilikutana na Agata, mwenzangu anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye meza inayofuata yangu, akalalamika kichwa. Nikaomba kisu chake cha samaki, nikaikata plaketi moja katikati, nikampa nusu. Ndivyo tunavyopendana sisi. Nusu iliyobaki nikaifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na ile nzima.

Nyumbani Bora alimeza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Kichwa kikatulia, kikarudi. Wifi yake aliyetoka Kabonga akaleta vya Kigoma, vyeupe, akasema hivyo ni vya kawaida, vinaweza kupita juu ya vile. Bora akaongeza viwili mara tatu kwa siku. Binamu wa Uvira naye akaacha vyake, vya njano. Nilisimamia mwenyewe umezaji huo na glasi ya maji mkononi. Plaketi ile nzima ikaisha, nikaitupa motoni nilipokuwa nachemsha maji ya kumkanda.

Yakatokea mambo mawili ambayo ningeyaona kama ningekuwa na akili. Bora akawa halali kabisa. Moyo unamwenda mbio, vidole vinatetemeka, anakaa amekodoa macho. Na mtoto akawa haamki kabisa. Nikawaambia wageni kwa maringo, "Mjukuu wangu mtulivu, halii hata kidogo." Wageni wakasema mashallah. Niliyasema maneno hayo kwa siku mbili nzima.

Siku ya kumi na moja, baada ya chai ya asubuhi, Bora akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mtoto alikuwa kifuani, chuchu mdomoni, hanyonyi. Nikamkuna nyayo. Hakukunja mguu. Nikamwinua mkono, ukaanguka. Nikaweka shavu langu puani mwake, nikasubiri pumzi, ikaja. Nikasubiri nyingine. Nilihesabu moja, mbili, tatu, mpaka nikasahau namba, ndipo ikaja. Nikachukua simu.

Nilimpigia nani? Tahira. Kiburi kilikwisha mara moja kama kibatari kilichopulizwa. Alikuja kwa pikipiki, hajavua hata koti la dukani. Hakunisalimu. Alifunua kope za mtoto.

"Tazama macho. Ile doa nyeusi iko ndogo sana, na ndani humu ni giza, ilipaswa kuwa kubwa. Mama Bora, huyu mutoto anapewa nini?"

"Maziwa ya mama yake tu."

"Na mama anameza nini?"

Nikafungua pindo nilimofunga dawa zote. Nikamwaga vyote mkekani. Alichukua kwanza vile vyeupe vya Kigoma, akasoma haraka: "Paracetamol mia tano, na kafeini." Akachukua vya njano: "Acétaminophène, ni ileile paracétamol kwa jina lingine. Na aspirini. Na kafeini tena." Kisha akachukua nusu ya plaketi ya Amisi. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na tarehe ya kuisha, basi. Jina na kilichomo vilikuwa upande nilioukata.

"Upande mwingine uko wapi?"

"Kwa Agata."

"Kimbia. Uulete hospitali. Sisi tunatangulia, hatungoji." Akamgeukia Bora. "Usimunyonyeshe tena hata tone. Mushike wima, umukune, umuite jina njia nzima."

Hajapewa jina, Bora akasema, sherehe ilikuwa ifanyike Ijumaa. Wakaondoka hivyo kwenye pikipiki moja, dereva, Tahira na Bora, pamoja na mtoto.

Mimi nina mwili. Tangu niwe mtu mzima sijakimbia. Siku hiyo nilikimbia kutoka mtaani mpaka sokoni, ndala moja ikabaki njiani, na kila hatua niliona ule mkono mdogo unaanguka. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Sikuogopa kifo peke yake. Niliogopa kwamba Bora atanitazama maisha yake yote akijua ni mkono gani uliompa maji ya kumezea.

Agata alikuwa anapima ndagala. "Ile dawa!" nikapiga kelele. "Ile niliyokukatia!"

"Nilimeza mbili, zikanilevya, nikaacha. Ni kama niliitupa..."

Nilimkamata mabega. Akatafuta kwenye mfuko wa aproni, hakuna. Akatafuta chini ya mizani, hakuna. Akavua kitambaa anachofunga kiunoni, akakikung'uta juu ya samaki, na ile nusu ikaanguka kati ya ndagala, imeng'aa kama wao. Niliishika kwa meno, nikapanda pikipiki ya kwanza.

Hospitalini daktari alikuwa amemfunika mtoto uso kwa kibarakoa kidogo, anamminyia hewa kwa mpira. Walikwisha mpima malaria, walikwisha mpima sukari, muuguzi alikuwa anaandaa dawa za maambukizi. Tahira alikuwa akimwambia daktari kwamba anashuku dawa ya mama, lakini hana karatasi. Nikampa Tahira. Akaiunganisha na ile nusu nyingine, kisu cha samaki kilikuwa kimepita palepale. Akasoma kwa sauti, na sauti yake ikapasuka:

"Paracétamol mia nne. Kafeini hamsini. Codéine ishirini."

Daktari hakuuliza tena. Kodeini, walinieleza baadaye, ni ya ukoo wa mofini. Ikiingia mwilini hugeuka mofini, kwa wanawake wengine hugeuka nyingi na upesi, hupita kwenye maziwa, na mtoto mchanga hulala mpaka anasahau kupumua. Kafeini nayo ndiyo iliyokuwa inamnyima Bora usingizi, kutoka plaketi tatu. Mama hakulala na mtoto hakuamka, na sababu zote mbili zilikuwa zimeandikwa.

Wakamchoma mtoto sindano ya kuivunja kodeini. Tukasimama. Kwa muda hakuna kilichotokea, nami nilikuwa namtazama Tahira, si mtoto, kwa sababu uso wake ndio niliojua kuusoma. Akaishusha miwani. Mtoto akakunja mguu. Kisha akalia.

Sindano hiyo nguvu yake huisha kabla ya kodeini, kwa hiyo walimchoma tena alasiri usingizi uliporudi, wakamlinda siku mbili. Bora naye hakuachwa. Presha ikapimwa, ikawa sawa. Tahira akajumlisha paracétamol ya plaketi zote: karibu gramu sita kwa siku, na mwisho wa mtu mzima ni nne. Damu yake ikachukuliwa kwa ajili ya ini. Tulingoja majibu kama washtakiwa. Yakaja mazuri.

Nilimwambia Tahira, "Ulinionya, nikakutukana."

"Ulinitukana, ndiyo. Lakini nilikuacha utoke bila kukufuata. Nilikuwa na foleni." Akafuta miwani kwa pindo la koti. Nilitamani anilaumu mimi tu.

Agata amelitangaza lile tukio sokoni, na sasa hakuna anayekata plaketi kwa kisu mezani petu. Vidonge vinavyoletwa na wageni navipokea kwa murakoze, asante ya kwetu, navipeleka kwa Madamu Maandishi, nasimama kwenye foleni yake bila kuguna. Lakini bado sijapona. Mtoto akilala muda mrefu naenda kuweka shavu puani mwake, nahesabu.

Jana mchana alianza kulia wageni wakiwa wamejaa sebuleni. Alilia kwa nguvu, amekuwa mwekundu, miguu inapiga hewa. Wifi yake Bora akainuka ambembeleze. Nilimshika nguo nikamkalisha.

"Muache alie kidogo," nikasema. "Minataka kumusikia."